Treni mbili zinapishana: ni sekunde 10, 4.67 au 5.33?

Jioni moja mpwa wangu wa kidato cha tatu kaja na daftari, shikamoo anko, marahaba, afu hata hajakaa vizuri kashafungua ukurasa anasema hili swali nimelifanya mara tatu na nimepata majibu matatu tofauti. Nikaliangalia. Swali lenyewe ni la kawaida kabisa, ila nilivyoona yale majibu yake matatu nikajua hapa kuna kitu cha kukaa nacho, sababu majibu mawili kati ya yale hayakuwa ya kijinga hata kidogo. Nimeamua niliandike kisa zima kama tulivyolifanya pale mezani.

Swali linasema hivi. Treni A ina urefu wa mita 240 na inakwenda 72 km/h. Treni B ina urefu wa mita 210 na inakwenda 90 km/h. Zipo kwenye njia mbili sambamba, zinakuja zikielekeana. Zitachukua muda gani kupishana?

Majibu ya dogo: la kwanza sekunde 2.78, la pili sekunde 4.67, la tatu sekunde 10. Na hakuwa na namna ya kujua lipi ni lipi, na hilo ndo lilikuwa linamsumbua zaidi kuliko swali lenyewe.

Tuanze na 2.78 tuliondoe njiani. Hapo alichukua 72 akajumlisha na 90 akapata 162, akachukua urefu wa treni zote mbili, mita 450, akagawa kwa 162. Mawazo yake yote yako sawa hapo, kilichoharibika ni vipimo tu, mita zimegawanywa kwa kilomita za kwa saa afu kinachotoka kinaitwa sekunde. Nikamwambia usikimbilie kufuta, kwanza lihoji jibu lako. Kama mita 450 zimeisha ndani ya sekunde 2.78, maana yake kila sekunde zinaliwa mita 162, na mita 162 kwa sekunde ni kama kilomita 583 kwa saa. Treni mbili, moja 72 nyingine 90, zinakaribianaje kwa kilomita 583 kwa saa? Haiwezekani, hata zikielekeana pua kwa pua haziwezi kuzidi 162. Kwa hiyo jibu linajikataa lenyewe bila kusubiri mwalimu apitishe kalamu nyekundu.

Kubadilisha km/h kuwa m/s unagawa kwa 3.6, na sababu yake ni kwamba kilomita moja ni mita 1000 na saa moja ni sekunde 3600, basi. 72 gawa kwa 3.6 ni 20, 90 gawa kwa 3.6 ni 25. Mtu akichanganya akazidisha badala ya kugawa atapata treni A inakwenda mita 259 kwa sekunde, na sauti yenyewe hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, sasa treni ya abiria inayokaribia spidi ya sauti utaishtukia mwenyewe. Ukishazoea kwamba treni ya kawaida huwa inaangukia kati ya mita 15 na mita 45 hivi kwa sekunde, kosa hili halikupiti tena.

Sasa twende kwenye lenye utamu, 4.67 na 10.

Hapa niliacha kalamu. Nikachana karatasi mbili ndefu nyembamba, moja sentimita 24, nyingine sentimita 21, kila sentimita moja inasimama badala ya mita 10. Nikazilaza mezani sambamba kama njia mbili za reli, pua ya hii imegusana na pua ya ile, na nikaweka alama ya kalamu kwenye pua na kwenye mkia wa kila moja. Nikamwambia hapa ndo kupishana kunaanza, pua na pua. Sasa zisogeze uniambie kunaishia wapi. Akasogeza zote mbili, hii kulia ile kushoto, akasimama pale pua ya B ilipofika kwenye mkia wa A. Nikamuuliza zimeshapishana? Akaangalia, akaona karatasi ya B yote bado iko ubavuni mwa A. Akaendelea kusogeza mpaka mkia wa A na mkia wa B vikafika usawa mmoja, vikaachana. Akasema hapa. Naam, hapo.

Kisha nikamwambia rudisha pua kwa pua, ila sasa hivi ibane karatasi A kwa kidole isitikisike kabisa, vuta B peke yake mpaka mikia iachane, afu pima pua ya B imetembea umbali gani. Akapima kwa rula. Sentimita 45. Yaani 24 ya kuipita A yote tangu puani hadi mkiani, na juu yake 21 ya mwili wake mwenyewe ambao ulikuwa bado unaburuzwa nyuma. Hapa ndo nilimwona uso umebadilika, sababu kujumlisha urefu alikuwa amekariri tu kama sheria, sasa ameuona mezani kwa rula.

Na ile kubana karatasi moja kwa kidole ndo spidi ya kulinganisha yenyewe, hakuna siri nyingine. Unajifanya upo ndani ya treni A, kwako wewe A imesimama tuli, kiti hakisogei, chupa ya maji kwenye meza haisogei, kinachosogea ni vya nje. Kama wewe unakwenda mbele mita 20 kila sekunde na B anakuja kwako mita 25 kila sekunde, basi kila sekunde moja nafasi kati yenu inapungua mita 45. Ukiwa umeamua kwamba wewe umesimama, inabidi zile 20 zako umpe B, ndo maana unamwona anakuja kwa 45. Hatujajumlisha kwa sababu kuna neno "kuelekeana" kwenye swali, tumejumlisha kwa sababu nafasi inaliwa kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo:

```
spidi ya kulinganisha = 20 + 25 = 45 m/s
umbali wa kumalizwa   = 240 + 210 = 450 m
muda                  = 450 / 45 = 10 s
```

Tukahakiki kwa kuangalia kutoka chini, yaani macho ya mtu aliyesimama kwenye kokoto pembeni ya mataruma. Ndani ya sekunde 10 A amekwenda mita 200, B amekwenda mita 250, jumla mita 450, na ndo urefu wa treni zote mbili. Imekaa sawa. Mi napenda sana huu uhakiki kwa sababu hautumii spidi ya kulinganisha kabisa, kila treni unaipigia hesabu yake kivyake, na kama majibu yanakutana basi una uhakika kwamba hukubahatisha.

Sasa 4.67 ilitoka wapi? Dogo alichukua mita 210 akagawa kwa 45. Nikamwambia hesabu hii ni sahihi kabisa, ila umejibu swali la mtu mwingine. Umejibu swali la abiria aliyekaa dirishani ndani ya treni A. Huyo abiria haoni pua ya treni yake wala mkia wake, anaona dirisha tu, na kwake yeye treni B inaanza pale pua yake inapofika usawa wa dirisha na inaisha pale mkia wake unapolipita. Kinachopita dirishani ni mita 210 za B, kwa spidi ya 45, basi anahesabu sekunde 4.67. Urefu wa treni yake mwenyewe haumhusu, iwe mita 240 au mita 2,400, dirishani kwake B atapita kwa muda uleule.

Na abiria aliyeko dirishani ndani ya B? Yeye anaona mita 240 za A zinapita kwa spidi ileile 45, anapata sekunde 5.33. Nilitaka dogo alione hili mwenyewe kwa hiyo nikamwambia jumlisha 4.67 na 5.33. Akajumlisha, ikatoka 10. Akanyamaza kidogo afu akasema ah, kumbe ni zilezile mita 450 zimegawanywa mara mbili. Ndivyo hasa, sehemu moja ni ya kuipita B, sehemu nyingine ni ya kuipita A, na spidi ni moja tu kwa wote wawili, 45, hata kama A ni mpole na B ni mwenye haraka. Abiria wa A anamwona B anakuja kwa 45, abiria wa B anamwona A anakuja kwa 45, hakuna anayeona namba tofauti na mwenzake.

Kuna na mtu wa tatu ambaye watu humsahau, yule yule wa kwenye kokoto. Kwake A inapita kwa 240 gawa kwa 20, sekunde 12, na B inapita kwa 210 gawa kwa 25, sekunde 8.4. Yeye hana treni inayosogea kwa hiyo habebi spidi ya mtu. Ukicheki sasa una namba tano, 10, 4.67, 5.33, 12 na 8.4, na zote ni za kweli kwenye kisa hikihiki kimoja. Kosa la wanafunzi wengi niliokaa nao siyo kugawa, kugawa wanajua, ni kwamba hawajajiuliza anayepima amesimama wapi na anaanza kuhesabu kwenye mguso upi mpaka mguso upi. Swali likisema "treni mbili kupishana kabisa" ni pua kwa pua mpaka mkia kwa mkia. Likisema "abiria kwenye treni A anaona treni B ikipita" ni dirisha, urefu wa B peke yake. Likisema "inapita nguzo ya umeme" ni urefu wa treni moja na spidi yake mwenyewe.

Tukageuza swali. Treni zilezile, njia zilezile sambamba, ila sasa zote zinaelekea upande mmoja na B anatokea nyuma anaipita A. Dogo akasema haraka unatoa, 25 kutoa 20, ni 5. Sawa, ila nikamrudisha kwenye karatasi, kwa nini unatoa? Akabana A kwa kidole tena. Kila sekunde B anasogea 25 lakini A naye anamkimbia 20, faida anayopata B ni mita 5 tu. Na umbali wa kumaliza haujabadilika, bado ni 450, sababu pua ya B inaanza kwenye mkia wa A na mchezo unaisha mkia wa B ukifika kwenye pua ya A. Basi ni 450 gawa kwa 5, sekunde 90. Dakika moja na nusu! Kutoka sekunde 10 hadi sekunde 90, treni zilezile, spidi zilezile, kilichobadilika ni uelekeo tu.

Hii ya 90 inafaa uikalie kidogo. Ndani ya hizo sekunde 90 B amekwenda mita 2,250 na A amekwenda mita 1,800, tofauti yake ni mita 450, hesabu imefunga. Yaani kuipita tu treni ya mita 240, B amehitaji zaidi ya kilomita mbili za njia. Aliyewahi kukaa kwenye basi la mkoani linalojaribu kulipita lori refu anaujua huu muda mwilini mwake, ule muda unaoona tairi za lori zipo palepale dirishani haziishi. Na ukisogeza spidi zikaribiane zaidi, tuseme A 24 na B 25, inakuwa 450 gawa kwa 1, sekunde 450, dakika saba na nusu. Zikilingana kabisa unagawa kwa sifuri, hakuna jibu, B haipiti A milele, na hapo hesabu inakwambia kitu ambacho hata mtoto anakijua kwa macho.

Sehemu nyingine ambayo inawapiga watu chenga ni pale swali linapotoa umbali kati ya treni kabla hazijakutana. Tuseme pua zao zipo mbali mita 900. Muda wa kukutana ni 900 gawa kwa 45, sekunde 20, na hapo ndo kwanza zimegusana pua, bado kuna zile sekunde 10 za kupishana. Kwa hiyo tangu mwanzo mpaka mikia kuachana ni sekunde 30. Ukiulizwa "zitakutana baada ya muda gani" jibu ni 20 na urefu wa treni hauingii kabisa. Dogo hili alilipata moja kwa moja kwa sababu karatasi zilikuwa bado mezani.

Haya yote yanategemea kwamba spidi haibadiliki muda wote wa kupishana. Kama treni moja inafunga breki kuingia stesheni, ile 45 inakuwa siyo 45 tena sekunde tano baadaye, na huwezi kugawa mara moja ukamaliza, inabidi uingize na kasi ya kupungua. Kwa sekunde 10 za katikati ya njia huwa haina shida. Kwa sekunde 90 za kuipita nyingine, hapo ndo mtu aangalie vizuri.

Sasa mpwa wangu akaniuliza swali zuri, akasema anko, hii inatokea kweli kwetu au ni ya kwenye vitabu tu? Nikamwambia ukweli, treni mbili za abiria kuelekeana zote zikiwa mbio kwenye njia mbili sambamba, kwa reli zetu siyo jambo la kila siku. SGR ya Dar hadi Morogoro ina kilomita 205 za njia kuu, na ni njia moja, afu kuna kilomita 95 nyingine za njia za kupishania na za kwenye stesheni. Maana yake treni mbili zikikutana, moja inaingia pembeni inasubiri, nyingine inapita. Na hapo hesabu yetu haijafa, imekuwa rahisi zaidi, spidi ya moja ni sifuri kwa hiyo spidi ya kulinganisha ni ya ile inayopita tu. Ni karatasi iliyobanwa kwa kidole, safari hii kweli kweli.

Ila kuna kitu cha ajabu hapo ambacho mtu akikipata mwilini hasahau tena. Ukiwa kwenye treni iliyosimama, nyingine ikaanza kupita taratibu dirishani, unahisi ni nyinyi mmeondoka. Tumbo linakwambia tumeanza safari, afu mabehewa ya wenzenu yanaisha, unaona nguzo na majani ya nje yapo palepale. Macho yalichokuwa nacho ni spidi ya kulinganisha peke yake, na spidi ya kulinganisha haikwambii nani anatembea. Ili ujue nani anatembea inabidi uangalie kitu kilichofungwa ardhini, nguzo, jengo, kokoto.

Wiki iliyofuata tulikuwa na safari ya Dodoma kwa treni na dogo akaja na simu yake tayari. Tulisimama sehemu kusubiri, nyingine ikaja kutoka upande wa pili. Nilimwambia asitumie saa ya kubonyeza, kidole kinachelewa sehemu ya sekunde mwanzoni na tena mwishoni, na kwa kitu cha sekunde chache hiyo ni nyingi, arekodi video afu ahesabu baadaye akiwa ametulia. Video ya simu kwa kawaida ni picha 30 kwa sekunde, unasogeza picha moja moja mpaka pua inapogusa ukingo wa dirisha, unaandika muda, afu mpaka mkia unapoachia ukingo uleule. Akapata sekunde 7 na kidogo, tukachukua 7. Alihesabu mabehewa 8. Urefu wa behewa hatukuupima, tukaweka mita 25 kila moja kama makisio, jumla mita 200.

200 gawa kwa 7 ni kama 28.6 m/s, zidisha kwa 3.6 inakuwa 103 km/h. Reli hii imejengwa kwa 160 km/h kwa hiyo namba yetu inaingia akilini, siyo ya ajabu. Dogo akataka kuandika 103 kwenye daftari. Nikamwambia ngoja, tuseme ile 7 ingekuwa 6.7, au ingekuwa 7.3. Akakokotoa zote mbili kwenye simu, akapata 107 na 99. Afu akasema na kama behewa siyo mita 25 je? Akaweka 24, ikashuka mpaka 99 hata bila kugusa muda. Akafuta 103 akaandika "kama 100 hivi, behewa nimekisia", akafunga daftari, treni yetu ikaanza kuondoka, na safari hii aliangalia nguzo kwanza.